Sefu ya shangazi ilibebwa nzima: dhahabu yako uiweke wapi?

Wiki mbili baada ya harusi ya binti yake hapa Bula Pesa, shangazi yangu alirudi kutoka sokoni akakuta kabati wazi. Sefu haikuvunjwa. Sefu haikuwepo. Wezi waliibeba na dhahabu ndani kama vile wewe unavyobeba kreti ya soda.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho wauzaji hawakwambii: sefu haiuzi usalama, inauza dakika. Kule Amerika, kiwango cha chini kabisa cha sefu ya nyumbani, kinachotolewa na shirika la UL, kinamaanisha imestahimili kushambuliwa kwa vifaa vya kawaida vya mkono kwa dakika tano. Tano tu! Ikipanda daraja, zinakuwa 15 au 30. Na hizi ndogo za namba tunazonunua madukani, nyingi hazina daraja lolote la wizi. Usidanganyike pia na ile imeandikwa kuwa haishiki moto. Kuzuia moto na kuzuia mtaimbo ni kazi mbili tofauti.

Sasa piga hesabu. Sefu ya kilo kumi isiyofungwa popote inampa mwizi kazi ya sekunde kadhaa, halafu anaenda kuifungua kwake na grinda akiwa ametulia. Ndiyo maana zile sefu huja na matundu chini. Ni ya bolti, na bolti ziingie kwenye sakafu ya zege. Ukizifunga kwenye ukuta wa mabati au mbao, jamaa ataondoka na sefu pamoja na kipande cha ukuta. Badilisha pia namba iliyotoka kiwandani, na ule ufunguo wa dharura usiuweke kwenye droo ya chumba hicho hicho. Mwizi huanza na droo.

“Basi si upeleke benki?” Ndivyo binamu yangu alimwambia shangazi. Sawa, ukuta wa benki unauza dakika nyingi zaidi, lakini bado ni dakika. Novemba 2017, wezi walikodisha kibanda karibu na tawi la KCB kule Thika, wakachimba handaki chini kwa chini hadi chumba cha hazina na kuondoka na takriban Sh50 milioni. Wizi uligunduliwa Jumatatu. London, wikendi ya Pasaka 2015, wazee fulani walitoboa ukuta wa zege wa nusu mita pale Hatton Garden na kufungua masanduku ya wateja zaidi ya 70. Ona mfanano: wote walichagua wikendi, kwa sababu wikendi ndiyo ina dakika nyingi bila mtu.

Halafu kuna hii ya fidia. Bima ya serikali ya amana za benki hulipa hadi Sh500,000 benki ikianguka, lakini ni ya pesa zilizo kwenye akaunti. Pete na mkufu ndani ya sanduku havimo. Benki yenyewe haijui umeweka nini humo, kwa hivyo soma mkataba uone inakubali kulipa nini kabla ya kusaini.

Kwa sisi wa Isiolo, shida kubwa ya benki ni kalenda. Si kila tawi lina masanduku ya kukodisha, na ukipata la Meru au Nairobi, dhahabu inasafiri na wewe kwenye matatu. Harusi ni wikendi, na Jumapili benki nyingi zimefungwa. Kwa hivyo dhahabu inatoka Ijumaa na kulala nyumbani hadi Jumatatu, tena baada ya mtaa mzima kuiona shingoni mwa bi harusi na kwenye simu za watu. Siku za hatari zaidi, sanduku la benki liko tupu.

Kilichomuumiza shangazi zaidi kilikuwa pale kituo cha polisi. Afisa alimuuliza, “Mama, ilikuwa gramu ngapi?” Hakujua. Risiti zilikuwa ndani ya sefu ile ile! Dhahabu ikiyeyushwa haina sura, kwa hivyo ushahidi lazima ukae mbali nayo. Piga picha ya kila kipande na mhuri wake: 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Kipime kwa sonara, andika gramu, tumia nakala kwa mtu unayemwamini. Kampuni ya bima pia itataka orodha hiyo kabla ya kukubali kukulinda.

Shangazi amebaki na bangili mbili alizokuwa amevaa siku ile. Amezipima. Karatasi iko kwangu.