Pesa Zangu Zimekwenda Wapi?

Chukulia mwalimu wa Voi anayenunua kitabu cha shilingi 850 kwa programu ya simu. Ombi la namba ya siri ya M-Pesa linatokea; anabonyeza pasipofaa, linafutika. Simu inamwambia: “Hitilafu 1032.” Nambari hiyo humaanisha tu kwamba mteja mwenyewe amelifuta ombi. Lakini mwalimu hayajui hayo. Anachotaka kujua ni iwapo pesa zake zimekwenda. Asipojibiwa, huondoka.

Angeambiwa hivi: “Malipo hayakukamilika. Hakuna pesa zilizokatwa. Kitabu chako kingali kikapuni.” Nacho kitufe kiseme, “Jaribu kulipa sh. 850”, wala si “Lipa tena”, maneno yanayomtia hofu ya kutozwa mara mbili.

Hata hivyo, upole usigeuke uongo. Mnunuzi wa Mwatate akishatia namba ya siri, na jibu la M-Pesa lisilifikie duka, programu haijui pesa ziko wapi. Basi na iseme: “Tunasubiri jibu la M-Pesa. Tafadhali usilipe mara ya pili.” Mteja aliyeambiwa kweli husubiri; aliyedanganywa mara moja harudi.