Dakika Tatu Kabla ya Mgeni Kusema

Itifaki imezingatiwa, kisha karatasi inafunguliwa. Mgeni alisoma wapi, akapata shahada gani, mwaka gani, akachapisha makala ngapi, akaalikwa nchi zipi. Mwongozaji wa semina anausoma wasifu mstari kwa mstari, na ikifika dakika ya saba waliokaa nyuma wameshatoa simu. Mgeni mwenyewe anatazama saa. Anajua kwamba dakika hizo zitakatwa kwenye muda wa maswali, na mara nyingi ni katika maswali ndipo semina inapopata uhai.

Wasifu ule ungeweza kubandikwa mlangoni. Mwongozaji anatakiwa kusema kile ambacho karatasi haiwezi kusema: mambo ya mgeni huyu yanawahusu vipi watu waliomo ukumbini.

Tuseme mgeni ni mtafiti wa sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga. Tangazo linasema atazungumzia mtawanyiko wa sumukuvu katika shehena za mahindi na uchukuaji wa sampuli. Mwanafunzi wa kilimo ataelewa, lakini wa sheria, uchumi au uuguzi atajiuliza amefuata nini pale. Mwongozaji makini huwafikiria hao kwanza. Anaingia na mahindi kiganjani, masafi kwa macho, na kuanza hivi:

"Ndugu zangu, mahindi haya yangekuwa na sumukuvu, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeiona. Ukiyasaga ukasonga ugali, moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, waliofariki 20."

Hapo ukumbi umetulia, na kishawishi cha kuendelea kutisha ni kikubwa. Asiendelee. Mgeni hakuja kuzungumzia vifo. Amekuja kuzungumzia vipimo. Ukumbi ukishajaa hofu, maswali yote yatakuwa kama ugali wa jana ulikuwa salama, na kazi ya mgeni itapotea. Kwa hiyo mwongozaji anageukia mpakani:

"Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii. Kiwango kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa lugha ya sokoni, hiyo ni gramu moja ikigawanywa kwenye magunia 1,000 ya kilo mia mia. Lakini sumu haigawanyiki sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Ukichota kikombe upande huu wa gunia, kipimo kinasema salama. Ukichota upande ule, kinasema hapana. Lori lipite au lirudi? Mgeni wetu amechota sampuli kwenye maghala ya vijijini kwa miaka minane, na swali lake ndilo hilo. Karibu, Daktari."

Ni kama dakika mbili hivi kwa mwendo wa kawaida. Mwanafunzi wa sheria amesikia habari ya mpaka, wa uchumi amesikia lori la mfanyabiashara, na wa uuguzi amesikia wagonjwa. Kutoka kwenye wasifu mzima kimechukuliwa kitu kimoja tu, ile miaka ya kuchota sampuli, kwa kuwa ndiyo inayompa mgeni haki ya kulijibu swali lililoulizwa. Jibu lenyewe halikuguswa. Mwongozaji anayeyataja matokeo mapema humwacha mgeni akirudia yaliyokwisha kusemwa, na akiyataja vibaya humlazimisha kuanza kwa kumsahihisha mwenyeji wake mbele za watu.

Maneno hayo hayabuniwi asubuhi ya semina. Kama wiki moja kabla, mwongozaji husoma ikisiri ya mada, kisha humpigia mgeni simu na kumuuliza mambo matatu: jina lake linatamkwaje, utafiti wake unajibu swali gani kwa sentensi moja, na ni jambo gani asingependa liguswe. Hilo la tatu wengi hulisahau. Huenda matokeo hayajachapishwa bado, au kijiji kilichotoa sampuli kiliahidiwa kwamba hakitatajwa.

Kama utangulizi ulifanya kazi au haukufanya, swali la kwanza kutoka kwa wasikilizaji litaonyesha. Mtu akisimama kuuliza mada hii inatuhusu nini sisi, ulifeli. Akiuliza basi gunia lichotwe mara ngapi na kutoka pembe zipi, ulifaulu.

Basi ukiombwa kumkaribisha mtafiti chuoni kwako, uache wasifu mezani na umpigie simu mapema.