Wimbo Uandikwe Ili Kusanyiko Lote Liimbe Pamoja



Siku moja tuligawia kusanyiko karatasi ya wimbo mpya. Mwisho wa kiitikio tulikuwa tumeandika "x2" tu. Nusu ya watu wakarudilia mstari wa mwisho, wengine wakarudilia kiitikio chote. Wimbo ukavunjika, na ubeti wa toba uliofuata haukusikika. Kosa lilikuwa letu sisi tulioandika: alama ilisema mara ngapi, lakini haikusema kuanzia wapi.

Tufungue Zaburi 107. Aya ya 8, ya 15, ya 21 na ya 31 zina maneno yale yale, mwito wa kumshukuru Bwana. Hicho ndicho kiitikio. Mbele ya kila kiitikio kuna habari mpya: waliopotea jangwani, kisha wafungwa, kisha wagonjwa, kisha wasafiri wa baharini. Hizo ndizo beti. Basi tukitaka kupanga wimbo wowote, kwanza tutafute maneno yanayorudi bila kubadilika. Nyimbo nyingi za leo zina pia daraja: maneno mafupi yenye sauti tofauti, yanayokuja karibu na mwisho na kutuvusha turudi kwenye kiitikio.

Kila sehemu ipewe jina lake juu, na nafasi tupu iitenganishe na nyingine. Mahali pa kurudilia pafunguliwe na kufungwa kwa alama, hivi:

UBETI 1
Nilifungwa gizani, sikuona njia,
nikalia kwako, ukanisikia.

KIITIKIO
//: Mlango wa gereza umefunguka,
sisi tuliokuwa ndani tumetoka. :// mara 2

UBETI 2
Ndugu yangu bado yuko kifungoni,
Bwana, umfikie naye moyoni.
(Kiitikio)

DARAJA
//: Minyororo imeanguka! :// mara 4
(Kiitikio)

Hapa hakuna wa kuuliza. Mistari yote miwili ya kiitikio iko kati ya alama, kwa hiyo yote inarudiliwa. Katika daraja ni mstari mmoja tu.

Kiitikio tukiandike kizima mara moja. Baadaye jina lake kati ya mabano linatosha. Lakini neno likibadilika katika kiitikio cha mwisho, tukiandike kizima tena. Na ubeti ukiangukia nyuma ya karatasi, huko nako tukiandike, ili watu wasigeuze karatasi katikati ya kuimba.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, tumpe karatasi mtu asiyeujua wimbo. Kwaya iimbe, naye afuate kwa kidole. Pale kidole kinaposimama au kuruka, ndipo pa kurekebisha.

Paulo, katika 1 Wakorintho 14:15, anataka tuimbe kwa roho na kwa akili pia. Mgeni asiyejua aimbe nini sasa hawezi kuitikia Amina kwa moyo wote.