Kiraka cha sauti kinaanzia kwenye skripti

Msimulizi anasoma maelezo ya filamu fupi kuhusu Mlima Kilimanjaro. Sauti yake ni nzuri, pumzi imetulia, dakika kumi zinaisha bila kukwama. Siku tatu baadaye mhariri anagundua kwamba urefu wa mlima umesomwa mita 5,985 badala ya 5,895. Ni kosa rahisi kulifanya, kwa kuwa "mia nane tisini na tano" na "mia tisa themanini na tano" zinakaribiana mdomoni na sikioni pia. Lakini filamu ya shule haiwezi kutoka na kosa hilo. Kama kulisahihisha kutachukua nusu saa au siku nzima, hilo limeshaamuliwa na mtu ambaye hata hakuwepo studio: aliyeandika skripti.

Tuseme aliandika hivi: "Mlima Kilimanjaro, wenye vilele vitatu vya Shira, Mawenzi na Kibo, na ambao una urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, uko ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987." Kwa msomaji wa gazeti, sentensi hiyo haina tatizo. Kwa fundi wa sauti ni mtego, kwa sababu namba iliyokosewa imekaa katikati kabisa. Ili kuiondoa itabidi akate mbele na nyuma yake, mahali ambapo sauti ya msimulizi bado iko hewani na haijashuka.

Kiswahili kinaongeza ugumu wa aina yake. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na mengine huanza na irabu, kwa hiyo katika usomaji wa kawaida huungana. "Mita elfu" hutoka kama neno moja. Kati ya a na e hakuna ukimya wa kupitisha mkasi. Fundi mzoefu akibanwa hutafuta neno linaloanza na k, t au p, kwa sababu kabla ya konsonanti hizo mkondo wa hewa huziba kwa muda mfupi sana na kuacha upenyo. Hiyo ni njia ya dharura. Hata ikifaulu, lafudhi ya kipande kipya mara nyingi hupanda au kushuka tofauti na maneno yanayokizunguka, na msikilizaji hushtuka bila kujua kilichomshtua.

Dawa yake ni kuandika skripti ambayo kila jambo linaloweza kubadilika lina sentensi yake, na kila sentensi ina namba yake. Habari ile ile inaweza kuandikwa hivi:

4a. Mlima Kilimanjaro una vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo.
4b. Kilele cha Uhuru, kilichoko Kibo, kina urefu wa mita elfu tano mia nane tisini na tano.
4c. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973.
4d. Mwaka 1987, hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Urefu umeandikwa kwa maneno ili jicho lisipindue tarakimu. Pia umewekwa mwishoni mwa sentensi, mahali ambapo sauti hushuka na kufuatwa na ukimya. Sasa 4b nzima inaweza kutolewa na nyingine kuwekwa, na mishono yote miwili itaangukia kwenye kimya. Kiraka ni kama sekunde nane tu za sauti.

Kipimo kidogo kabisa cha kiraka kiwe sentensi nzima, kamwe kisiwe neno. Kuna sababu ya kisarufi pia. Mteja akitaka "kilele" kiwe "mlima", basi "kilichoko" na "kina" navyo havifai tena. Upatanisho hubadilika katika sentensi yote, na viraka vya neno moja moja vitaacha makosa yanayosikika wazi. Ndiyo maana sehemu mpya haifai kuanza na "Kina urefu" wala "Aidha". Itaje kwa jina kile inachokizungumzia, ili isimame hata jirani yake akibadilishwa. Ndani ya sehemu, neno kama "hifadhi hiyo" linaruhusiwa, maana sentensi zote ni mfupa na nyama zisizoachana; mfululizo wa sentensi fupi zisizoshikana huchosha sikio kama tangazo la stendi. Sehemu ya nusu dakika hivi, yenye sentensi tatu hadi tano, inatosha.

Studio ikiwa wazi, mambo yanaenda haraka. Msimulizi akikosea haendelei, wala harudii neno pekee. Anapiga kofi moja, ambalo litaonekana kama mlingoti kwenye mchoro wa sauti, ananyamaza sekunde mbili, kisha anaanza upya mwanzo wa sentensi. Programu ya Audacity ina amri ya Punch and Roll Record, inayoitwa kwa Shift+D: inamchezea sekunde chache alizosoma kabla ya kosa, kisha inaanza kurekodi palepale, naye anaingia akiwa bado kwenye mwendo ule ule.

Kosa likigunduliwa baada ya siku kadhaa, sentensi mpya peke yake haitoshi. Karatasi ya marekebisho itakuwa na 4a, 4b mpya na 4c, ikieleza wazi kwamba ya kwanza na ya tatu ni za kushika mkondo na zitakatwa. Msimulizi akisoma 4b peke yake ataianza kwa nguvu, kama mtu anayefungua hotuba. Akitokea 4a ataingia kwa kimo cha sauti kinachostahili. Kwanza asikilize rekodi ya zamani kwenye hedifoni, kisha asome zote tatu mara tatu.

Chumba nacho kinasikika. Umbali wa mdomo na kipaza sauti, tuseme shibiri moja, uandikwe siku ya kwanza, na irekodiwe nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, ili fundi apate ukimya wa kujazia mishono. Sauti ya alfajiri huwa nzito kuliko ya alasiri, kwa hiyo kiraka kirekodiwe saa zile zile. Muziki usichanganywe na masimulizi kabla kazi haijakubaliwa, maana muziki uliokwisha kuunganishwa utakatika pamoja na neno.

Kiraka kibaya hujulikana kwa kumpa mtu ambaye hajaiona skripti asikilize. Akiinua kichwa penye 4b, kuna kasoro: pengine pumzi mbili zimefuatana, au mvumo wa feni umetoweka ghafla. Na sentensi mbili au tatu za sehemu moja zikihitaji kubadilishwa, afadhali sehemu nzima irudiwe. Vivyo hivyo kwa usomaji wa hisia kali, ambao haukubali kushonwa katikati.

Yako pia mambo yatakayobadilika hata kama hakuna aliyekosea, mfano ada za kuingia hifadhini. Hayo yapewe sehemu yake, yenye muziki mfupi au sauti ya upepo mbele na nyuma, ili hata kiraka cha mwaka ujao, kilichorekodiwa katika studio nyingine, kisilazimike kufanana na jirani zake. Mwandishi na azipigie mstari namba, majina na bei zote kabla ya kutuma skripti, na yoyote iliyobaki katikati ya sentensi ndefu aitafutie sentensi yake.