Meseji moja, watu watatu: unamwandikiaje kijana wako, muuzaji mwenzako na bosi wa jumla?

Muuzaji mwenzangu, tuchukue kisa ambacho ukiuza nguo mtandaoni kitakukuta tu.

Dada mmoja anauza madera kupitia WhatsApp. Mteja wake wa Dodoma ameagiza madera 10 ya zambarau, sare ya shughuli ya Jumamosi, na ameshalipa nusu. Dada amechukua mzigo Kariakoo kwa mali kauli, madera 24 kwa 14,000 kila moja, yaani deni la 336,000 analotakiwa kulimaliza Jumamosi. Duka hilohilo, siku hiyohiyo, muuzaji mwenzake naye alichukua wake, wakagawana palepale sakafuni. Kijana anayemsaidia kupaki ndiye aliyebeba mfuko hadi nyumbani.

Asubuhi saa mbili anahesabu. Zambarau zipo 6. Manne hayapo. Mzigo wa Dodoma unapanda basi kesho alfajiri.

Madera hayo yanaweza kuwa sehemu tatu: kwenye mfuko aliobeba kijana, kwenye fungu la mwenzake, au yamebaki dukani kwa mama wa jumla. Kwa hiyo anahitaji kuwauliza watu watatu kitu kilekile. Wengi wetu hapa tunaandika meseji moja kwa hasira, tunaikopi, tunaituma kote. Yaani hivi:

"Madera ya zambarau yamepungua manne. Yapo 6, yalitakiwa 10. Angalia kama yapo kwako, unijibu kabla ya saa kumi jioni. Mzigo unaondoka kesho alfajiri."

Habari zote zimo. Lakini mama wa jumla akiipata hivyo ataona umemtuma kama mtoto wake, na mwenzako ataona unamshuku. Tuione moja moja.

Kwa kijana anayekupakia

"Dogo, za asubuhi. Madera ya zambarau yapo 6, yalitakiwa 10. Manne hayaonekani. Fungua tena ule mfuko wa jana, uhesabu zambarau peke yake, unitumie picha. Nahitaji jibu kabla ya saa kumi jioni. Mzigo wa Dodoma unaondoka kesho alfajiri, tukiyakosa hayo manne sare haitatimia."

Angalia vitenzi. Cha kwanza ni amri ya moja kwa moja: fungua. Vinavyofuata vimelainika: uhesabu, unitumie. Ndivyo tunavyoongea kila siku na mtu tunayemtuma kwa heshima, na hatua zinakaa kwa mpangilio. Ungeandika "fungua, hesabu, tuma" mfululizo, ingesikika kama unamfokea.

Angalia pia "hayaonekani". Hujasema "umepoteza madera manne". Ukishamwambia mtu umepoteza, anaacha kutafuta anaanza kujitetea, na wewe unataka madera, hutaki kesi. Hujui bado nani kakosea, kwa hiyo kitenzi chako kisimtaje mtu.

Kosa la upande wa pili ni kulainisha kupita kiasi: "kama utapata nafasi naomba uangalie." Kijana ataelewa kwamba akikosa nafasi si neno, ataangalia jioni akirudi kwenye mizunguko yake. Anayefanya kazi chini yako anahitaji kujua kwamba hili ni la leo.

Kwa muuzaji mwenzako

"Shoga mambo, mwenzio nimekwama. Madera yangu ya zambarau yapo 6 badala ya 10. Jana tulivyogawana pale dukani huenda manne yamejichanganya na ya kwako. Hebu niangalizie kwenye fungu lako, unijulishe kabla ya saa kumi jioni. Mzigo wangu wa Dodoma unaondoka kesho alfajiri. Na mimi napekua huku, nikikuta cha kwako nakurudishia."

Hapa kuna "tulivyogawana". Wote wawili mlikuwepo, kwa hiyo kosa kama lipo ni la wote. Halafu "yamejichanganya", kana kwamba madera yametembea yenyewe. Mwenzako anajua hayakutembea, lakini umemwachia mlango wa kuyarudisha bila aibu. "Umechukua madera yangu" unaufunga mlango huo, na hata kama anayo atasita kusema.

"Hebu" ni neno la watu wa rika moja. Kwa bosi halifai, kwa mwenzako linafanya ombi liwe jepesi. Na ile sentensi ya mwisho, kwamba na wewe unapekua, inaonyesha hujamtuma, mnasaidiana.

Usimpelekee mwenzako heshima ya ofisini. Ukimwandikia shoga yako wa kila siku "Habari za asubuhi, ninaomba tafadhali uangalie", atakuuliza umenuna nini. Kati ya watu waliozoeana, heshima ikizidi ghafla inasomeka kama hasira.

Kwa mama wa jumla anayekupa mali kauli

"Shikamoo mama. Pole na kazi. Mzigo wa jana nimeupokea, asante sana. Kwenye kuhesabu nimepata madera ya zambarau 6, na oda ilikuwa 10. Huku nimeshaangalia kwenye mfuko na kwa mwenzangu tuliyechukua naye, hayapo. Naomba unisaidie kuangalia kama manne yalibaki dukani. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya saa kumi jioni leo, maana mzigo wa mteja unaondoka kesho alfajiri. Yakiwepo namtuma kijana ayafuate. Hesabu yetu ya Jumamosi iko palepale."

Hapa amri imeondoka kabisa, imekuja "naomba unisaidie". Kwa Kiswahili chetu "naomba" ndiyo inayobeba heshima. "Tafadhali" peke yake mbele ya amri, kama "tafadhali angalia", inasikika kama tangazo la ukutani.

"Nimepata 6" ni tofauti na "umeniwekea 6". Unasema kile ulichokiona wewe, yeye atamalizia mwenyewe. Na kabla ya kuomba umeonyesha kwamba umeshatafuta kwako. Mtu wa juu anachukia kuulizwa kitu ambacho kingekuwa chini ya kitanda chako.

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mali kauli haina karatasi, ina imani tu. Mwenye duka akisikia "mzigo umepungua" kutoka kwa mtu anayedaiwa, wazo la kwanza ni kwamba huyu anatafuta njia ya kupunguza deni. Manne hayo ni 56,000. Ukimhakikishia kwamba hesabu iko palepale, anasikiliza habari ya madera badala ya kuanza kuwaza hela yake. Kama kweli yatakosekana, mazungumzo ya kukata 56,000 ni ya baadaye, na ni bora uyafanye ukiwa umesimama dukani kwake.

Ila heshima isije ikaumeza muda. Hili ndilo linalotuangusha wengi. Tunaandika "ukipata nafasi mama naomba uniangalizie", tunamaliza na dua, na saa kumi tumeifuta tukiona aibu. Mama anasoma, anaona haina haraka, anajibu kesho kutwa wakati basi limeshafika Dodoma. Saa iseme wazi na ipe sababu. "Nijibu kabla ya saa kumi" ni amri. "Nitashukuru nikipata jibu kabla ya saa kumi, maana mzigo unaondoka" ni ombi, na saa bado ni ileile.

Mpangilio wa kutuma nao una maana. Kijana kwanza, saa mbili hiyohiyo. Mwenzako baada ya kijana kujibu. Mama awe wa mwisho, tuseme saa nne asubuhi, ili ile sentensi ya "nimeshaangalia" iwe kweli.

Je, kijana wako akiwa mkubwa kuliko wewe?

Hapa ndipo watu wanapochanganya. Sisi tuna ngazi mbili kwa wakati mmoja, ya umri na ya kazi, na si lazima ziende pamoja.

Tuseme anayekupakia ni mjomba wa miaka 55. Salamu inapanda: "Shikamoo mjomba." Na ile "fungua" inageuka "naomba ufungue". Lakini usiende hadi "kama ungeweza kufungua", kwa sababu kazi bado ni kazi na jibu bado linatakiwa leo.

Kinyume chake, mwenye duka la jumla anaweza kuwa kijana wa miaka 26. Humpi shikamoo, utamchekesha. Unaanza na "Habari za asubuhi bosi", halafu yote yaliyobaki yanakaa kama ya mama: naomba unisaidie, nimeshaangalia, hesabu iko palepale. Ukimwandikia kama dogo kwa sababu umemzidi miaka, umesahau kwamba deni la 336,000 liko mkononi mwake.

Kwa hiyo umri unaamua salamu. Kazi inaamua vitenzi, na pia maelezo kiasi gani yatangulie ombi. Namba na saa haviamuliwi na mtu yeyote.

Rudi juu uzisome tena zile meseji tatu. Zote zina 6, zina 10, zina saa kumi, zina kesho alfajiri. Hiyo ndiyo njia ya kujipima kabla hujabonyeza kutuma. Jiulize: aliyeipokea anajua ni mangapi, anajua afanye nini, anajua mwisho ni saa ngapi? Kama moja halimo, umebadilisha ujumbe wenyewe, hukubadilisha sauti tu. Na kama unapendelea kurekodi sauti, sawa, ila namba na saa ziandike chini yake, maana mtu aliye sokoni kwenye kelele atasikia sita akaelewa sitini.

Hifadhi hii posti. Siku mzigo ukipungua, usiandike ukiwa na hasira, njoo uchukue ile ya mtu unayemhitaji, ubadilishe namba tu.