Gramu Ishirini za Rangi ya Dhahabu

Agosti 2024, jijini Paris, Faith Kipyegon wa Kenya alivishwa medali ya dhahabu ya mbio za mita 1,500. Medali za dhahabu za michezo ile zilikuwa na uzito wa gramu 529 kila moja. Dhahabu yenyewe ilikuwa gramu 6 tu. Gramu 18 zilikuwa chuma kilichotolewa kwenye Mnara wa Eiffel, na kilichobaki, zaidi ya nusu kilo, kilikuwa madini ya fedha. Thamani ya medali ile kwa mwanariadha na kwa taifa lake haipimwi kwa mizani ya sonara. Lakini ingewekwa kwenye mizani hiyo, katika kila gramu 100 dhahabu ingekuwa gramu moja na kidogo.

Hakuna aliyedanganywa hapo, kwa kuwa waandaaji walitangaza wazi medali imetengenezwa kwa nini. Maumivu huja dukani, pale mtu anapoleta bangili aliyoinunua kwa bei nzuri, akiwa amekwisha kupiga hesabu kichwani: gramu 20 mara bei ya gramu iliyotangazwa leo. Sonara anaigeuza, anatazama muhuri wa ndani, kisha anairudisha mkononi mwake. Mara nyingi hata mizani haiwashwi.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuifuata bangili hiyo tangu ilipotengenezwa. Kiini chake ni shaba ya manjano. Baada ya kung'arishwa hutundikwa ndani ya chombo chenye maji yaliyoyeyushiwa chumvi ya dhahabu, na umeme ukipitishwa, chembe za dhahabu huhama majini na kuganda juu ya shaba. Hiyo ndiyo dhahabu ya kuchovya. Dakika chache zinatosha kuipa bangili rangi kamili, na kila dakika ya ziada ni gharama kwa mwenye kiwanda. Ndiyo maana vito vingi vya aina hii hubaki na tabaka la nusu mikroni hivi. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi.

Tuseme bangili yetu, nje na ndani, ina eneo la sentimita 40 za mraba. Tabaka la nusu mikroni kwenye eneo hilo, hata likiwa la dhahabu safi, lina uzito wa gramu 0.04 hivi. Katika gramu 20, gramu 19.96 ni shaba. Hesabu hii inaonyesha jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui: dhahabu ya kuchovya hufuata ukubwa wa uso na unene wa tabaka, haifuati uzito wa pambo. Bangili ikifanywa nzito maradufu kwa kuongezewa shaba ndani, uzito unapanda, dhahabu inabaki karibu ile ile. Kuuliza bei yake kwa gramu ni kuuliza bei ya shaba.

Vermeili ni ndugu mwenye hadhi zaidi. Kiini chake ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000, na kanuni za biashara za Marekani zinataka dhahabu ya juu iwe na unene wa angalau mikroni 2.5. Medali ya Olimpiki ni ya ukoo huu, ingawa imepakwa kwa ukarimu zaidi. Bangili yetu ikiwa ya vermeili yenye unene huo wa chini, dhahabu yake haizidi gramu 0.2 hivi. Hata hivyo kuna kitu cha kuuza: gramu 18.3 hivi za fedha safi. Sonara mkweli atainunua kama fedha, na bei ya fedha iko chini sana ya ile ya dhahabu. Tabaka la juu hatalilipia, na hiyo si hila yake.

Panapochanganya watu zaidi ni kwenye dhahabu ya kubandika, ile yenye muhuri wa GF. Hapa hakuna kuchovya. Bamba la dhahabu hubanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa juu ya shaba ya manjano mpaka vishikamane, kisha hupitishwa kwenye mitambo na kuvutwa kuwa waya au bati jembamba. Tabaka lake ni nene, na mkufu wa namna hii unaweza kuvaliwa miaka mingi bila kuchujuka. Muhuri husomeka 1/20 14K GF, na jicho la mnunuzi hukimbilia 14K. Maana yake kamili ni kwamba sehemu moja kati ya 20 za uzito ni dhahabu ya karati 14. Katika bangili ya gramu 20, hiyo ni gramu moja. Na kwa kuwa karati 14 ni dhahabu safi kwa asilimia 58.5, dhahabu safi ni gramu 0.585. Bangili halisi ya karati 14 yenye uzito huo ingekuwa na gramu 11.7, mara 20 zaidi.

Kwa nini basi hata hiyo nusu gramu hailipwi? Kwa sababu imeshikamana na shaba, na kuitenganisha kunataka kazi. Msafishaji huyeyusha shaba kwa tindikali ya nitriki, hukusanya vipande vyembamba vya dhahabu vilivyobaki, huvisafisha tena, na lazima ashughulikie mvuke wa sumu na maji machafu. Sehemu ya gharama hizo haibadiliki awe na bangili moja au ndoo nzima, kwa hiyo hutaka mzigo mkubwa. Nusu kilo ya mikufu ya GF ya karati 14 ina takriban gramu 14.6 za dhahabu safi kabla ya kupunguza iliyolika kwa kuvaliwa na ada ya kusafisha. Mzigo wa namna hiyo hupata mnunuzi. Kwa vitu vya kuchovya, tindikali peke yake inaweza kugharimu kuliko dhahabu itakayopatikana.

Mihuri husaidia kutambua: GP na HGE ni za kuchovya, GF na RGP ni za kubandika, na 925 kwenye pambo la manjano ni fedha iliyopakwa. Lakini muhuri hugongwa na mtu, na wapo wanaogonga 750 juu ya shaba. Sonara hukwangua kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana, kisha hudondosha tindikali; povu la kijani humaanisha shaba. Tone likiwekwa juu ya tabaka lisilokwanguliwa, jibu laweza kupotosha.

Nyumbani ipo njia isiyoharibu kitu. Pima bangili kavu kwenye mizani midogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha izamishe bangili ikining'inia kwa uzi bila kugusa glasi. Bangili ya gramu 20 ya shaba ya manjano itasoma karibu 2.35; ya fedha 1.9, ya dhahabu ya karati 18, karibu 1.3. Kipimo hiki hakifai kwa pambo lenye vito au lenye uwazi uliofungwa ndani, na viputo vya hewa vikinasa kwenye pete za mkufu namba hupanda, kwa hiyo mkufu utikiswe majini kwanza.