Samansi imefika, wakili huna

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuza vifaa vya ujenzi, hapa Tanzania, anadaiwa shilingi milioni 8 za saruji katika Mahakama ya Wilaya. Samansi imetolewa Februari 24. Machi 3 mpeleka samansi anamkabidhi pamoja na nakala ya hati ya madai, naye anasaini. Ndani imeandikwa kwamba shauri litatajwa Machi 30. Mfanyabiashara anaona ana karibu mwezi mzima, anaiweka droo.

Hapo ndipo wengi wanapoumia. Machi 30 ni siku ya kufika mbele ya hakimu, siyo mwisho wa kujibu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inampa mdaiwa siku 21 tangu alipopokea samansi, na siku ya kupokea haihesabiwi. Anaanza na Machi 4, anaishia Machi 24. Tarehe iliyo kando ya mhuri haimhusu katika hesabu hii.

Kwa lugha ya nyumbani, samansi yake inasema hivi: “Fulani anakudai milioni 8. Ukibisha, peleka majibu ya maandishi mahakamani kabla Machi 24 haijapita, kisha ufike Machi 30. Ukinyamaza, kesi itaendelea bila wewe.”

Majibu hayo hufuata aya za hati ya madai, moja baada ya nyingine: hii nakubali, hii nakataa kwa sababu hii. Kuandika tu “sidaiwi” hakutoshi, kwani jambo ambalo hukulikana waziwazi huweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Kama alishalipa milioni 3, aseme lini na kwa njia gani, aambatishe risiti. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, wanaweza kumwelekeza.

Akichelewa, bado ana upenyo mwembamba. Anaweza kuomba kuongezewa muda kabla siku 21 hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya hapo, yaani hadi Machi 31, akitoa sababu ya msingi. Mahakama ikikubali, humwongezea siku 10 tu.

Akikaa kimya, mdai anaweza kuruhusiwa kuthibitisha dai upande mmoja, na hukumu ikatoka bila ile risiti ya milioni 3 kuonekana. Asipolipa, mdai huomba kukazia hukumu, na anayebisha hodi dukani safari hii ni dalali wa mahakama. Anaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe, lakini atatakiwa kueleza kwa nini hakujibu. Kukataa kusaini nako hakumsaidii: samansi inaweza kubandikwa mlangoni, na mpeleka samansi akairipotia mahakama.

Kama samansi imetoka Mahakama ya Mwanzo, hesabu ya siku 21 haikuhusu. Huko, tarehe ya kufika iliyoandikwa ndiyo ya kushika.